Kundi likivuka Busia, hoteli ya Tororo iwe na nini mezani?

TORORO – Gari la abiria 20 likitoka Kisumu asubuhi, hakuna anayeweza kuiambia hoteli ya Tororo kwa uhakika kwamba wageni watafika saa ngapi. Katikati yao kuna Busia.

Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda Februari 2018, kimepunguza kazi ya kupanga foleni mara mbili. Anayetoka Kenya hupigiwa muhuri wa kutoka na wa kuingia katika jengo moja, upande wa Uganda. Hata hivyo kila msafiri hukaguliwa peke yake, na mmoja akikwama, kundi zima husubiri au hugawanyika.

Hapo ndipo hoteli iliyo karibu na mpaka inapotofautiana na ile ya Kampala. Kwa mwenye nyumba ya wageni Busia au Tororo, na wafanyabiashara kadhaa wa mpakani wanazo, nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua kama wakala wa safari ataleta kundi lingine.

Kazi huanza na orodha ya vyumba. Wakala huituma siku kadhaa kabla, ikionyesha nani analala na nani, aina ya kitanda, na namba ya hati ya kusafiria ya kila mtu. Kwa raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huenda ikawa namba ya kitambulisho cha taifa, kwa kuwa tangu 2014 nchi hizo tatu zinakikubali kwa kuvuka mipaka yao. Akina mama wa soko wanaosafiri pamoja kwenda kwenye maonyesho ya biashara wengi hufika na kitambulisho tu. Mpokezi anayeng'ang'ania pasipoti huwakwamisha bure.

Tuchukue mfano wa kundi la watalii 20, pamoja na kiongozi wao na dereva. Orodha inasema vyumba vinne vya kitanda kimoja kikubwa kwa wanandoa, vitatu vya vitanda viwili, na sita vya mtu mmoja mmoja. Hivyo ni 13. Ongeza cha kiongozi na cha dereva, jumla 15.

Mpokezi mzoefu haishii kwenye hesabu, husoma majina na miaka. Wawili wenye jina moja la ukoo wameandikwa kama wanandoa, lakini mmoja ana miaka 61 na mwingine 29. Simu moja kwa wakala inathibitisha kuwa ni mama na mwanawe. Wanahitaji vitanda viwili. Likigunduliwa saa nne asubuhi, ni kubadilisha chumba kwenye karatasi. Likigunduliwa saa kumi na mbili jioni, mama huyo akiwa amesimama kaunta na vyumba vyote vya vitanda viwili vimeshachukuliwa, ni aibu isiyo na dawa.

Baada ya hapo zinakuja funguo. Kila ufunguo hujaribiwa mlangoni kabla ya kutiwa kwenye bahasha, na anayejaribu hufungua bomba la maji, huwasha taa na kuhesabu vitanda. Bahasha huandikwa jina, namba ya chumba na saa ya kifungua kinywa. Wazee hupewa vyumba vya chini. Fomu za usajili hujazwa mapema kutoka kwenye orodha, ili mgeni abakie na kazi ya kutia sahihi tu.

Jambo moja la fedha huharibu mapokezi mengi. Vyumba na chakula vya kundi hulipwa na wakala kwa bili moja kuu. Mgeni hulipia vya ziada tu, kama vinywaji vya baa na kufuliwa nguo, iwe kwa shilingi ya Uganda, ya Kenya au dola. Mpokezi mgeni kazini akimwomba mtalii alipie chumba, mtalii huamini ametapeliwa, naye wakala hupigiwa simu kabla mizigo haijashushwa. Kwa hiyo kwenye kila bahasha huandikwa kilicholipwa na kisicholipwa.

Sasa turudi mpakani. Mtalii mwenye viza ya pamoja ya Afrika Mashariki, inayouzwa dola 100 na kudumu siku 90 katika Kenya, Uganda na Rwanda, halipi tena Busia. Lakini Uganda hudai pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tuseme mmoja katika kundi letu hakioni cheti chake. Kiongozi anabaki naye, pamoja na begi lake, na gari linatangulia na dereva.

Kiongozi anapaswa kupiga simu hapo hapo, na hoteli inapaswa kumwuliza maswali matatu: wanakuja wangapi, nani amebaki, na mabegi mangapi yapo garini. Jibu ni wageni 19 na mabegi 26, ingawa Kisumu yalipakiwa 27. Bila simu hiyo, wabeba mizigo watahesabu 26 na kuanza kumtafuta mwizi asiyekuwepo. Dereva naye hajui majina ya abiria wake, hivyo orodha iliyo mezani ndiyo inayoshika nafasi ya kiongozi.

Simu hiyo ndiyo ishara ya jikoni pia. Kutoka Busia hadi Tororo ni mwendo usiozidi saa moja, muda unaotosha kukamua na kupoza juisi ya pasheni au embe. Humiminwa gari likiingia getini, si kabla, maana juisi iliyokaa hujitenga na barafu huyeyuka. Maji na barafu viwe vya kunywa, kwa kuwa mgeni akiugua tumbo usiku hatakumbuka kingine. Jagi moja huachwa bila sukari. Glasi 20 hutangulia, mbili hubaki kwenye friji kwa walioko mpakani.

Kinywaji hicho kina kazi nyingine isiyosemwa: huwaweka wageni pamoja wamekaa. Wakiwa na glasi mkononi, mpokezi huita jina moja moja, mgeni hutia sahihi na kuchukua bahasha. Wasipokalishwa, watu 19 huelemea kaunta kwa pamoja, na kila mmoja huuliza lake.

Mizigo hushushwa wakati huo huo, na haiendi vyumbani hadi funguo zigawiwe. Mabegi hupangwa sakafuni kwa mistari ya matano matano: mitano na moja la ziada, 26. Kila moja hufungwa lebo yenye namba ya chumba kutoka kwenye orodha, na mbeba mizigo hutia alama kwenye karatasi anapoliacha mlangoni. Wageni wawili wakiamua kubadilishana vyumba, karatasi hubadilishwa kwanza, ndipo begi. Mabegi mengi yanayosemekana kupotea yako chumba cha jirani.

Saa moja usiku kiongozi anaingia na mgeni aliyechelewa, cheti kimepatikana ndani ya kitabu. Bahasha zao mbili ziko mezani, juisi inatolewa kwenye friji, na begi la 27 linatiwa alama. Hapo tu ndipo karatasi ya mizigo inapowekwa sahihi na kufungwa.