Je, Bob anajua au anaamini tu?

Wanafalsafa wengi hupima nadharia kwa visa vya kubuni, wakitegemea jibu linalowajia akilini papo hapo. Kwa mfano, Jill ameendesha Buick miaka mingi, hivyo Bob anaamini kuwa rafiki yake huyo ana gari la Kimarekani. Hana habari kwamba Buick imeibwa na Jill amenunua Pontiac, nayo ya Kimarekani. Imani ya Bob ni ya kweli na ina sababu, lakini imepatia kwa bahati. Tangu makala ya Edmund Gettier ya 1963, wanafalsafa wengi husema huko si kujua.

Mwaka 2001, Weinberg, Nichols na Stich waliwauliza wanafunzi nchini Marekani. Wengi wenye asili ya Ulaya walijibu kwamba Bob anaamini tu. Wengi wenye asili ya Asia Mashariki walisema anajua. Ikiwa jibu hufuata malezi, haliwezi kuwa ushahidi wa maana ya ujuzi.

Watetezi walijibu kwamba mwanafalsafa amezoezwa kupima visa kama hivyo. Herman Cappelen na Max Deutsch waliongeza kwamba uzito uko kwenye hoja, si kwenye hisia. Isitoshe, tafiti zilizorudiwa baadaye hazikuiona tofauti ile.