Je, Wajua? Ugonjwa Uliopanda Meli Kwenda Rasi

Chukua mkojo wa mgonjwa wa pofiria aliyezidiwa, uutie kwenye chupa ya kioo, uiweke dirishani panapopiga jua. Baada ya saa kadhaa mkojo ule utakuwa umegeuka rangi, mwekundu uliokolea kama mvinyo. Mgonjwa mwenyewe tumbo linamsokota, na mambo yakizidi mikono na miguu hulegea hata akapooza.

Daktari Geoffrey Dean, aliyefanya kazi Port Elizabeth, Afrika Kusini, katikati ya karne ya 20, alisoma vitabuni kwamba ugonjwa huu ni adimu. Lakini wodini kwake ulikuwa ukimjia mara kwa mara, hasa kwa Waafrikana, wale ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Makaburu. Akaanza kuzunguka shamba kwa shamba akiangalia mikono ya watu. Mwenye aina hii ya pofiria ngozi ya nyuma ya kiganja huwa dhaifu: ikipigwa na jua hutoa malengelenge, ikigongwa kidogo huchubuka, na makovu hubaki. Aliyekuwa na mikono hiyo alimuuliza wazazi wake ni nani, na babu zake, kisha akalinganisha majibu na kumbukumbu za ukoo. Familia baada ya familia, nyuzi zilirudi kwa mume na mke waliooana Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1688: Gerrit Jansz, mlowezi Mholanzi, na Ariaantje Jacobs, msichana yatima aliyeletwa kutoka Rotterdam pamoja na wenzake ili waolewe na walowezi.

Mmoja wao alibeba jeni yenye kasoro. Swali ni hili: jeni ambayo Uholanzi ni nadra hivyo, imewezaje kuenea hivi Afrika Kusini?

Fikiria gunia la mahindi meupe ambamo punje moja katika kila elfu kumi ni nyekundu. Ukichota punje mia tano, mara nyingi hutapata nyekundu hata moja. Lakini ikitokea umeipata, kwenye mchoto wako punje hiyo ni moja kati ya mia tano, wingi wa mara ishirini kuliko katika gunia ilimotoka. Haijafanya lolote kustahili wingi huo, imeangukia mkononi tu. Ndivyo ilivyo kwa kundi dogo linapohama. Halibebi mfano mdogo wa nyumbani uliopimwa sawasawa. Mengi huachwa kabisa, na machache yaliyobahatika kupanda meli huwa mazito kupita kiasi. Wanasayansi huiita hali hii athari ya waanzilishi.

Baada ya hapo bahati huendelea kufanya kazi katika kila uzazi. Jeni hii ya pofiria, mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Mwenye watoto wawili ana nafasi moja kati ya nne ya kutoirithisha kabisa, na hapo tawi lake la jeni linakatika. Mwenye watoto wanane nafasi hiyo ni moja kati ya 256. Gerrit na Ariaantje walikuwa na watoto wengi, na wazao wao nao wakazaa sana, katika koloni ambalo mwanzoni lilikuwa na walowezi mia chache tu. Leo wanaobeba jeni hiyo Afrika Kusini wanakadiriwa kuwa maelfu kwa maelfu.

Mtu anaweza kudhani kwamba jeni iliyoenea hivyo lazima ilikuwa na faida fulani. Sioni sababu ya kudhani hivyo. Ilitosha kwamba haikuzuia watu kuzaa: wengi walioirithi hawaugui kabisa maishani. Balaa lilikuja karne ya 20, hospitali zilipoanza kutumia dawa za usingizi za jamii ya babitureti. Mtu mzima wa afya aliingia kufanyiwa upasuaji mdogo, akachomwa sindano ya usingizi, na siku chache baadaye akapooza. Wapo waliokufa. Ndiyo maana daktari anayeijua hatari hii huuliza habari za ukoo kabla ya kushika sindano.

Miaka ya 1990 kasoro yenyewe ilipatikana: herufi moja ya DNA imebadilika, na kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza sehemu nyekundu ya damu kikapungua nguvu. Hapo hoja ya Dean ikapimwa kwa njia nyingine. Kama kasoro ingezuka upya mara nyingi, herufi zinazoizunguka zingetofautiana kwa kila ukoo. Kumbe karibu wote wana herufi ileile, na kipande kinachoizunguka ni kilekile. Baadaye kipande hicho hicho kikaonekana kwa wagonjwa wachache huko Uholanzi, ndugu wa mbali wa jeni iliyopanda meli, waliobaki ndani ya gunia kubwa ambamo bado ni vigumu kuwaona.