Paka Dirishani na Taya Linalotetemeka

Shomoro akitua nje ya dirisha, paka aliyekuwa amejilaza kwenye kochi hubadilika ghafla. Kichwa kinainuka, masikio yanaelekea mbele, na anasogea hadi kwenye kioo akiwa amejikunyata, tumbo chini. Mboni za macho zimetanuka na ncha ya mkia inachezacheza. Kisha midomo inavutwa nyuma kidogo, meno yanaonekana, na taya la chini linaanza kupanda na kushuka upesi upesi, likitoa mlio mkavu: kek-kek-kek-kek. Hadumu nao muda mrefu. Shomoro akiruka, mlio unakatika, na paka hubaki akitazama pale alipokuwa ndege.

Ukitega sikio utagundua kwamba sauti zenyewe si moja. Susanne Schötz, mtaalamu wa fonetiki wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi, aliwarekodi paka watatu wakiwatazama ndege, akachapisha matokeo mwaka 2013. Alitenganisha mlio mkavu, ambao koo halishiriki na kinachosikika ni mgongano wa haraka mdomoni, na mlio wa pili wenye sauti ya kooni, mfupi na mwembamba, unaokaribia mlio wa ndege. Paka huyohuyo anaweza kuanza na mmoja akaingia katika mwingine ndani ya dakika hiyohiyo. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu maelezo yanayofaa mlio mmoja huenda yasifae wa pili.

Watu wengi husema paka analia kwa njaa. Hapana. Katika ubongo wa paka, hamu ya kuwinda na hamu ya kula haziendi pamoja sikuzote. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 1976 ambamo paka walipewa chakula wanachokipenda, na walipokuwa wakila, panya akawekwa karibu nao. Waliacha chakula, wakamuua panya, wakambeba hadi kwenye chakula chao, kisha wakaendelea kula kile walichopewa. Kwa hiyo paka aliyeshiba dagaa anaweza kutetemesha taya kwa bidii ileile ya paka ambaye hajala tangu asubuhi.

Kinachoonekana kutawala ni hatua za uwindaji zenyewe. Paka huona, huvizia, hunyatia, huchomoka, hudaka, na mwisho huua kwa kung'ata. Kila hatua huita inayofuata. Dirishani amekwisha kuona na kuvizia, na mwili uko tayari kuchomoka, lakini njia imefungwa. Msisimko uliokwisha kuamka hauna pa kwenda. Na wala si kioo peke yake kinachosababisha hali hiyo. Paka aliye uani hufanya vivyo hivyo akimwona njiwa juu ya paa, na paka wa sebuleni hufanya hivyo akimkodolea macho mjusi kafiri aliyeganda darini. Jambo linalounganisha visa hivi ni windo linaloonekana waziwazi lakini halifikiki.

Kwa nini basi msisimko utokee kwenye taya, usitokee kwenye miguu? Maelezo ya zamani yanatokana na jinsi paka anavyoua. Mjerumani Paul Leyhausen, aliyewachunguza paka kwa miaka mingi, alieleza kwa undani ule mng'ato wa mwisho. Paka hulenga nyuma ya shingo, na meno yake marefu ya chonge hupenya katikati ya pingili na kukata uti wa mgongo. Kazi hiyo hufanywa na misuli ya taya, nayo lazima iwe tayari kabla ya windo kuwa mdomoni. Wanaofuata njia hii husema paka wa dirishani anatekeleza mng'ato huo hewani, kama abiria anayekanyaga sakafu ya gari akitafuta breki asizokuwa nazo.

Nakubaliana nao kwa sehemu tu. Mng'ato halisi wa kuua ni wa nguvu na wa kuzama, ilhali mtetemo wa dirishani ni mwepesi na wa harakaharaka. Tena, paka aliyekwisha kumkamata ndege kwa kawaida hamtetemeshei taya, bali hung'ata. Inaelekea zaidi kwamba misuli iliyoandaliwa kung'ata inatetemeka kwa sababu ya msisimko uliozuiwa, bila paka kuwa amekusudia kufanya mazoezi yoyote.

Maelezo mengine, yanayopendwa sana, ni kwamba paka anamwigiza ndege ili amvute karibu. Ushahidi wake maarufu haukutoka kwa paka wa nyumbani. Ulitoka katika hifadhi ya msitu wa Ducke, karibu na mji wa Manaus nchini Brazili, mwaka 2005. Watafiti walikuwa wakilifuatilia kundi la tamarini wanane, kima wadogo sana wa Amazoni, waliokuwa wakila juu ya mti wa jamii ya mkuyu. Zikasikika sauti za watoto wa tamarini kutoka kwenye majani mazito. Dume aliyekuwa mlinzi akashuka kuchunguza, na wenzake kadhaa wakamfuata. Aliyekuwa akitoa sauti zile alikuwa margai, paka-mwitu mdogo mwenye madoa. Alipojitokeza, mlinzi alipiga ukelele wa hatari na kundi lote likatoroka. Wenyeji wa msitu ule nao waliwaambia watafiti kwamba paka-mwitu wa huko huiga sauti za mawindo yao.

Kisa hicho ni cha kusisimua, lakini kimebebeshwa mzigo kuliko uwezo wake. Kilishuhudiwa mara moja, margai hakupata kitu, na sauti zilizosikika zilikuwa za kuita, tofauti kabisa na mgongano wa taya. Kama kuna uigaji kwa paka wetu, ningeutafuta kwenye ule mlio wa pili wa kooni, si kwenye kek-kek. Zaidi ya hayo, mwindaji anayetegemea kunyatia hupoteza mengi akijitangaza.

Paka akiwa katika hali hiyo, usimshike wala kumbeba. Msisimko ule unaweza kugeuzwa ghafla kwa mkono ulio karibu au kwa paka mwenzake, na watu hukwaruzwa vibaya namna hiyo. Mwache mpaka ndege aondoke, kisha mburutie unyoya uliofungwa kwenye kamba, na mwishoni mwache aukamate na kuung'ata, ili zile hatua zilizokatizwa zipate kumalizika.

Ipo pia mitetemo ya taya isiyohusiana na ndege. Paka huugua ugonjwa ambao jino hulika karibu na ufizi mpaka sehemu yake yenye hisia ikabaki wazi, na hapo taya hutetemeka kwa maumivu jino linapoguswa. Dalili zake ni kwamba mtetemo huja wakati wa kula au kupiga miayo, chakula humdondoka, hutafuna upande mmoja, au mate humtiririka. Ukiona uso unachezacheza upande mmoja huku paka haitiki wala hafuatishi kitu kwa macho, hiyo huenda ikawa degedege. Katika hali zote mbili, mrekodi kwa simu umpelekee daktari wa mifugo video hiyo, kwa sababu mara nyingi paka akifika kliniki mtetemo huwa umeshatulia. Paka mzima wa dirishani ana alama moja ya wazi: macho yake yamemganda mtu fulani huko nje, na huyo akiondoka, taya hutulia.