Kuponi milioni sita, mapato milioni tano na kitu

Ukinunua hatifungani ya Serikali yenye thamani ya shilingi milioni 100 na riba ya asilimia 12 kwa mwaka, kila baada ya miezi sita utaingiziwa kuponi ya shilingi milioni sita. Wengi huiandika yote kuwa mapato, wakaipigia hesabu ya gawio. Kama hatifungani hiyo ilinunuliwa kwa milioni 100 kamili, hawajakosea. Lakini hatifungani haiuzwi kwa milioni 100 kamili kila siku.

Tuchukue Saccos ya walimu inayotaka hatifungani hiyo ikiwa imebakiza miaka miwili kuiva. Wakati huo wawekezaji wanaridhika na asilimia 10 tu kwa mwaka kwa hatifungani za muda kama huo. Yenye kuponi ya asilimia 12 basi inagombewa, na bei yake inapanda hadi shilingi 103,545,951. Siku ya kuiva Serikali itarudisha milioni 100, si zaidi. Zile 3,545,951 za juu hazirudi kwa mkupuo. Zinarudi kidogo kidogo, zikiwa ndani ya kila kuponi. Kwa hiyo sehemu ya kila milioni sita ni mtaji wa Saccos yenyewe unaorudi nyumbani.

Sehemu ipi? Hapo ndipo inapoingia njia ya riba halisi, ambayo viwango vya kimataifa vya uhasibu vinaitaka kwa mwenye kushikilia hatifungani ili avune kuponi hadi iive. Riba halisi ni ile iliyokuwa ndani ya bei siku ya kununua. Hapa ni asilimia 10 kwa mwaka, yaani 5 kwa kila miezi sita, na haibadiliki hadi mwisho. Mhasibu anaizidisha kwa thamani iliyoko vitabuni mwanzoni mwa kipindi.

Miezi sita ya kwanza, asilimia 5 ya 103,545,951 ni shilingi 5,177,298. Hayo ndiyo mapato. Kuponi imeleta milioni sita, kwa hiyo tofauti, shilingi 822,702, inapunguzwa kwenye thamani ya hatifungani, nayo inabaki 102,723,249. Kipindi cha pili asilimia 5 inapigwa kwenye kiasi hicho kilichopungua: mapato yanashuka hadi 5,136,162 na makato yanapanda hadi 863,838. Kipindi cha tatu makato ni 907,029, na cha nne 952,381. Thamani inatua kwenye milioni 100 kamili siku ile ile Serikali inapolipa.

Wapo wanaogawanya nyongeza yote kwa nne na kukata 886,488 kila mara. Ni rahisi, na mwishoni jumla ni ile ile. Ila vitabu vitadai kwamba hatifungani imezaa asilimia 4.94 katika kipindi cha kwanza na 5.07 katika cha mwisho, ilhali mkataba haukubadilika hata nukta. Kwa miaka miwili tofauti ni ndogo. Kwa hatifungani ya miaka 25 si ya kupuuza.

Hatifungani ikinunuliwa kwa punguzo, mambo yanageuka. Soko lingedai asilimia 14, Saccos ingelipa 96,612,789. Mapato ya kipindi cha kwanza yangekuwa 6,762,895, zaidi ya kuponi, na thamani vitabuni ingepanda kwa 762,895. Kiasi hicho ni mapato ambayo hayajafika benki, na bodi ikikigawa kama gawio italazimika kutafuta fedha kwingine.

Makosa hujionyesha mwishoni mwa jedwali: thamani isipotua kwenye milioni 100, kuna jambo. Mara nyingi mtu ametumia asilimia 10 nzima kwa miezi sita. Kosa lililojificha zaidi ni la aliyenunua katikati ya kipindi, tuseme miezi mitatu baada ya kuponi iliyopita. Muuzaji humdai pia riba ya miezi hiyo mitatu, takriban shilingi milioni tatu. Hiyo si sehemu ya bei. Ni deni litakalolipwa na kuponi inayofuata, na liandikwe peke yake. Ukilichanganya na bei, unapata nyongeza ambayo haikuwapo.

Jedwali hili, hata likiwa sahihi, halisemi hatifungani ingeuzwa kwa bei gani leo. Baada ya mwaka mmoja vitabu vya Saccos yetu vinaonyesha 101,859,411. Iwapo soko wakati huo linadai asilimia 14, mnunuzi atatoa kama milioni 98.2. Vitabu havitatikisika, kwa sababu Saccos inangoja kuponi zake na siku ya kuiva. Wanachama wakianza kuomba mikopo kwa wingi na hatifungani ikalazimika kuuzwa, hasara ya karibu shilingi milioni 3.7 itaandikwa siku hiyo hiyo.