CV ya Kolwezi ikienda Nairobi au Geneva: kinachobaki na kinachoondoka

Vijana wengi wa Kolwezi, Likasi na Fungurume wanaandika CV moja tu, ile waliyofundishwa shuleni, na wanaipeleka kila mahali. Kwa kampuni ya mgodi au mkandarasi wake inafaa. Inapopelekwa kwa Umoja wa Mataifa au shirika jingine la kimataifa nje ya nchi, mara nyingi haipiti hata mlango wa kwanza, na mwenye nayo hapati maelezo yoyote.

Kabla ya kugusa CV, soma herufi iliyo kwenye cheo cha tangazo. Katika Umoja wa Mataifa, nafasi zenye G kwa kawaida hujazwa na watu walio tayari mahali pale, na zenye NO ni za raia wa nchi ile. Mkongomani anayeomba nafasi ya NO ya Nairobi anapoteza usiku wake bure. Anayetoka nje ya nchi atafute zenye P.

Tuchukue mfano wa dada mmoja mwenye lisansi ya maendeleo ya jamii, ya mfumo wa zamani wa miaka mitano. Amefanya kazi kwa wakandarasi watatu wa migodi kando ya Kolwezi, katika uhusiano na wanavijiji. Anataka nafasi ya P-3 Nairobi.

CV yake ya nyumbani inaanza na picha, kisha ameolewa, ana watoto watatu, jimbo la asili, teritwari, kundi la machifu, dini. Inamalizika kwa kiapo cha heshima kwamba yote ni kweli, na sahihi. Hapa kwetu mwajiri huyatafuta hayo. Kule hayo yote yanaondoka, hata dini na cheo cha kanisani kama jina tupu. Si kwamba kanisa ni aibu. Kama dada huyu alisimamia hesabu za mradi wa maji wa parokia yake kwa miaka miwili, hiyo ni kazi ya kujitolea na inaandikwa hivyo: alisimamia nini, fedha kiasi gani, akatoa ripoti kwa nani. Shule ya msingi na asilimia za mtihani wa serikali nazo zinaondoka.

Elimu inadai uangalifu zaidi. Diploma yake imeandikwa «Licence». Akiandika neno hilo peke yake katika fomu ya Kiingereza, msomaji anaweza kudhani ni kibali, kama kile cha kuendesha gari. Abakize jina la diploma kama lilivyo, kisha aongeze kwa Kiingereza kwamba ni masomo ya chuo kikuu ya miaka mitano, ya kwanza mitatu yakimalizika na diploma yake yenyewe. Asijipe mwenyewe jina la shahada ya uzamili. Umoja wa Mataifa huangalia vyuo katika orodha ya dunia iitwayo WHED, iliyoko whed.net. Aangalie humo jina la chuo chake lilivyoandikwa, na alitumie vilevile.

Sasa miaka ya kazi, mahali ambapo wengi huanguka. Katika CV ya nyumbani aliandika «2018 hadi 2025», na kila mtu akasoma miaka saba. Fomu ya kimataifa inataka mwezi wa kuanza na mwezi wa kumaliza kwa kila mkataba. Mkataba wa kwanza ni Machi 2018 hadi Februari 2020, miezi 24. Wa pili ni Agosti 2020 hadi Desemba 2022, miezi 29. Wa tatu ni Aprili 2023 hadi Juni 2025, miezi 27. Jumla ni miezi 80, yaani miaka sita na miezi minane. Kati ya mikataba kuna mapengo, jambo la kawaida kwa wanaofanya kazi kwa wakandarasi.

Kwa P-3, tangazo kwa kawaida hudai miaka mitano kwa mwenye shahada ya uzamili, au saba kwa mwenye shahada ya kwanza. Basi kila kitu kinategemea diploma yake itahesabiwaje. Ikihesabiwa kama uzamili, anapita. Ikihesabiwa kama shahada ya kwanza, amepungukiwa miezi minne. Kishawishi cha kuziba pengo kwa kusogeza tarehe ni kikubwa, lakini waajiri wa zamani huulizwa, na uongo ukigunduliwa hata baada ya kuajiriwa ni sababu ya kufukuzwa. Afadhali aombe pia nafasi za P-2, zinazodai miaka miwili tu kwa mwenye uzamili na minne kwa mwenye shahada ya kwanza. Huko anapita kwa njia zote mbili.

Kisha maelezo ya kazi yenyewe. Aliandika: «Kuhamasisha jamii, kuandika ripoti, na kazi nyingine yoyote niliyopewa na wakubwa.» Mtu wa Kolwezi akisoma jina la kampuni anaelewa mengine yote. Mtu wa Nairobi hajui hata kama kampuni ile inachimba shaba au inauza mikate. Kwa hiyo mstari wa kwanza ueleze mwajiri: mkandarasi wa mgodi wa shaba na kobalti, wafanyakazi wangapi, wapi. Mistari inayofuata iseme yeye mwenyewe alifanya nini, kwa watu wangapi, na kilibadilika nini. Kwa mfano: «Nilipokea na kufuatilia malalamiko ya wakazi wa vijiji vinne karibu na mgodi. Kwa miaka miwili yalifika 140, na 112 yalifungwa kwa makubaliano yaliyoandikwa.» Namba lazima zitoke kwenye daftari lake la kazi. Asiyekuwa na namba aandike bila namba.

Kuna hazina ambayo watu wetu huificha bila kujua. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inaidai kampuni iwekeane na jamii hati ya ahadi: visima, shule, barabara. Dada huyu alikaa katika mikutano ya kuijadili hati hiyo, lakini katika CV aliweka herufi za kifupi tu. Kwa shirika la kimataifa, huo ni uzoefu wa mazungumzo kati ya kampuni, serikali na wanakijiji. Unastahili mistari mitatu kamili.

Kuhusu lugha, aandike kiwango cha kweli. Kiswahili akitaje, ingawa hakimo kati ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Kiingereza kitapimwa katika mahojiano. Na watakaomthibitisha wawe waliomsimamia kazini. Barua ya mchungaji inaonyesha tabia njema, lakini haijibu swali kama alimaliza ripoti kwa wakati.

Maombi ya Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hujazwa katika mfumo uitwao Inspira, kupitia careers.un.org. UNICEF na WFP wana tovuti zao. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote, kwa hiyo anayeomba dola hamsini «za kufungua faili» ni mwizi, hata akiwa na nembo ya buluu. Andika majibu kwanza katika faili lako mwenyewe ndipo uyanakili kwenye fomu, kwa sababu umeme wa Kolwezi unajulikana. Siku ya mwisho ya Inspira hufungwa saa 11:59 usiku kwa saa za New York. Kwetu huwa ni karibu saa kumi na mbili asubuhi ya siku inayofuata, au saa moja kasoro wakati wa majira ya baridi ya kule.