Je, Wajua? Homa ya Maziwa Haina Homa

Je, wajua kwamba ng'ombe mwenye homa ya maziwa hana homa hata chembe? Mpime kwa kipimajoto: ng'ombe mzima ana nyuzi 38.5 hivi, huyu anaweza kushuka chini ya 38. Gusa masikio yake, utayakuta ya baridi!

Je, wajua anachokosa? Ni kalsiamu. Maji ya damu yake yote hubeba gramu 3 tu za madini hayo, lakini lita 10 za dang'a huondoka na gramu 20 na zaidi! Zilizobaki lazima zitoke kwenye mifupa na chakula, na mifupa ikichelewa kuzitoa, mnyama anaanguka.

Sasa hesabu siku. Homa ya maziwa hupiga zaidi ndani ya saa 72 baada ya kuzaa, na humwandama ng'ombe aliyezaa mara 3 au zaidi. Mtamba wa uzao wa kwanza? Ni nadra sana. Jezi je? Huyo mchunge kuliko wote.

Je, wajua kuna ugonjwa mwingine unaochanganywa na huu? Unaitwa ketosisi, nao husubiri kidogo: mara nyingi huja wiki ya 2 hadi ya 6 baada ya kuzaa, maziwa yanapopanda. Hapa upungufu si wa kalsiamu, ni wa sukari.

Sukari? Ndiyo! Lita 20 za maziwa zina karibu kilo 1 ya sukari ya maziwa, na ng'ombe hula majani, hali miwa. Ini lake ndilo hutengeneza sukari ya damu, na kiwele huigeuza kuwa ya maziwa. Chakula kikipungua, anayeyusha mafuta ya mwili, na ini likizidiwa na mafuta hayo damu hujaa ketoni.

Je, wajua ng'ombe wa ketosisi huchagua chakula? Pumba anazikataa, majani makavu anayatafuna. Kinyesi kinakuwa kigumu, anakonda, na pumzi yake inanukia utamu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Usipoisikia usijilaumu, maana si kila pua huipata.

Wengine hufanya vituko: hulamba ukuta, hutafuna vyuma, huzunguka zizini. Ukiona hayo, usikimbilie kusema karogwa!

Wa homa ya maziwa yeye huanza kwa kutetemeka na kuyumba. Kisha analala kifudifudi, shingo imejipinda, kichwa amekigeuzia ubavuni. Pua imekauka, kinyesi hakitoki, na akilala ubavu na kuvimba tumbo, roho iko mlangoni.

Haya, tuwapime wawili. Wa kwanza, uzao wa 4, amezaa jana usiku na leo hainuki: kalsiamu ni miligramu 4.6 kwa desilita. Mzima huwa na 8.5 hadi 10, kwa hiyo hii ni homa ya maziwa.

Wa pili amezaa wiki 3 zilizopita. Anasimama, lakini maziwa yameporomoka kutoka lita 22 hadi 14. Kalsiamu yake ni 9.1, sawasawa kabisa! Ila ketoni ni milimoli 3.4 kwa lita, na kuanzia 1.2 tayari ni onyo. Umemjua, siyo? Ketosisi hiyo.

Je, wajua mwaka 1897 daktari wa mifugo wa Denmaki, Schmidt, alitibu homa ya maziwa kwa kumimina dawa ndani ya kiwele? Baadaye ikaonekana hata hewa tupu inatosha: kiwele kikijaa, maziwa hayatengenezwi, kalsiamu inabaki kwenye damu. Siku hizi usijaribu, utamletea ugonjwa wa kiwele.

Leo daktari huingiza mshipani dawa ya kalsiamu, mililita 400 hadi 500, polepole, huku akisikiliza moyo. Ng'ombe anabeua, anakunya, na mara nyingi anasimama kabla hujamaliza kushangaa! Lakini ikiingia kwa kasi, moyo unaweza kusimama.

Wa ketosisi hupewa sukari ya mshipani, kisha propilini glaikoli ya kunywa, mililita 300 hivi kwa siku, kwa siku kadhaa. Aliyelala hoi usimnyweshe kitu, kitaingia mapafuni.

Na je, wajua mmoja anaweza kuugua yote mawili? Aliyepona homa ya maziwa yumo hatarini kupata ketosisi wiki zinazofuata, maana amekula kidogo. Basi andika tarehe ya kuzaa ukutani mwa zizi na umwite daktari mapema: tarehe hiyo ndiyo swali lake la kwanza, na jibu lako ni nusu ya kipimo.