Namba ya Simu Baada ya Gauni Kufika

Mteja wa Nakuru ananunua gauni mtandaoni. Duka linahitaji namba yake ya simu ili mzigo umfikie. Kwa hilo halihitaji ridhaa ya pekee, kwani ni sehemu ya mauziano yenyewe. Matangazo ni jambo jingine. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inamruhusu mteja kuondoa ridhaa yake wakati wowote, hivyo sera iseme waziwazi: “Tutakutumia matangazo ukikubali tu. Ukibadili nia, tuambie, tutaacha.”

Ugumu uko kwenye kufuta. Kuahidi “tutafuta kila kitu ukiomba” ni kumpotosha mteja, maana kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka 5. Afadhali aambiwe: “Tutaitoa namba yako kwenye orodha ya matangazo, lakini risiti tutaihifadhi miaka 5 kwa ajili ya kodi.”